"Nitakuunganisha" haitoshi: mwambie mhitimu unachoweza kweli

Leo naweka pembeni uji wa mtoto na chanjo, nataka tuongee kuhusu wadogo zetu waliomaliza chuo wapo nyumbani. Hapa Tunduma kila mtaa unao. Mwingine ni mdogo wako, mwingine ni shemeji, mwingine ni yule binti anayekubebea mtoto ukienda sokoni kumbe ana stashahada yake kwenye bahasha.

Akitangaza tu kwamba anatafuta kazi, sisi watu wazima tunamjibu haraka. "Usijali mdogo wangu, nitakuunganisha." "Leta vyeti nione." "Nina mtu pale, nitaongea naye." Tunasema kwa moyo mzuri kabisa. Lakini yeye akisikia "nitakuunganisha" anahesabu kwamba mlango mmoja umeshashikwa. Anatulia kusubiri, na anaposubiri anaacha kugonga milango mingine.

Mimi mwenyewe nilipomaliza chuo, mtu mmoja mwenye nafasi yake aliniambia niache nakala za vyeti, atanipigia. Nilikaa miezi minne simu haitoki mkononi. Sina hakika hata kama zile nakala zilitoka kwenye droo yake. Angeniambia siku ileile kwamba hana uwezo huo, ningeondoka na huzuni ya jioni moja, na kesho yake ningeamkia sehemu nyingine.

Kwa hiyo leo nataka tujifunze kitu kimoja tu: namna ya kumwambia mhitimu "nitakusaidia" ukitaja hasa utafanya nini, lini, na kitu gani huwezi. Nitatumia kada yangu ya uuguzi kwa sababu ndiyo ninayoijua.

Tuanze na usichoweza, maana hapo ndipo watu wengi wanateleza. Nafasi za serikali zinazotangazwa na Sekretarieti ya Ajira zinaombwa kwa mtandao kupitia portal.ajira.go.tz. Mwombaji anafungua akaunti yake mwenyewe kwa namba yake ya NIDA, anapakia vyeti, anaomba, kisha anasubiri kuitwa kwenye usaili. Kuna mtihani wa mchujo, halafu mahojiano. Mimi muuguzi wa wodini sina mkono wowote pale. Hata metroni wangu hana. Nikimwambia binti wa watu "nitakuongelea serikalini" nakuwa nimempa maneno matupu, au namfundisha kwamba kazi inapatikana kwa kuongelewa. Akishaamini hivyo, siku tapeli atakapompigia na kumwambia atume laki mbili ili jina lake lipite, atatuma. Na huenda hela yenyewe ikatoka kwenye kikoba cha mama yake.

Sasa unachoweza. Ukisoma matangazo ya Sekretarieti ya Ajira utaona wanataka mwombaji aambatishe wasifu wake wenye anwani na namba za simu za kuaminika, pamoja na majina ya wadhamini watatu. Mdhamini hapa siyo yule wa mkopo wa benki au wa polisi. Haweki nyumba yake dhamana. Ni mtu anayemfahamu mwombaji, ambaye akiulizwa anaweza kueleza tabia yake na kazi yake. Watoto wengi wanaandika mchungaji, mjomba na mwalimu wa zamani, mara nyingi bila hata kuwaambia. Kama wewe umemuona mhitimu akifanya kazi kwa macho yako, jina lako lina uzito kuliko la mjomba, na hiyo ni zawadi unayoweza kumpa bila kumdanganya mtu.

Kitu cha pili unachoweza ni kupeleka karatasi yake mahali ambapo mtu mmoja anaweza kuamua. Zahanati na vituo vya afya vya binafsi au vya makanisa mara nyingi vinaajiri vyenyewe. Mganga mfawidhi akipungukiwa na muuguzi, anaweza kuita mtu wiki hiyohiyo. Hapo neno lako linasikika kweli, kwa sababu anakufahamu na anajua wewe unajua kazi.

Nikupe mfano wa mwaka jana. Kuna binti alifanya fildi kwenye wodi yetu ya wazazi kwa wiki sita, baadaye akamaliza stashahada ya uuguzi na ukunga. Alipotangaza kwamba anatafuta kazi yoyote ile, alikuwa na mtoto wa miezi mitano na anaishi kwa mama yake, muuza samaki wa hapa sokoni. Kabla sijamwahidi chochote nilimuuliza swali moja: "Mdogo wangu, leseni yako umeshapata?"

Hilo swali usiliruke. Kwetu cheti cha chuo peke yake hakikuruhusu kugusa mgonjwa. Lazima ufanye mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, usajiliwe, upewe leseni. Mhitimu ambaye hana leseni bado ukimpeleka kwa mganga mfawidhi unamwaibisha yeye na unajiaibisha na wewe, na siku nyingine ukipeleka mwenye leseni hutasikilizwa. Kwenye kada nyingine sharti linaweza kuwa tofauti, ila uliza kwanza kitu ambacho bila hicho safari ni ya bure. Huyu binti alikuwa nayo, imetoka miezi miwili nyuma.

Basi nilimwandikia hivi. Naiweka yote kama ilivyokuwa, ili mwenye kutaka aige:

"Hongera kwa leseni mdogo wangu. Mimi ni muuguzi wa kawaida, siajiri na sipo kwenye usaili wowote, kwa hiyo kwenye nafasi za serikali sina njia. Hizo ombea mwenyewe kwenye portal.ajira.go.tz. Ninachoweza ni vitu viwili. Kwanza, niweke kuwa mdhamini mmoja kati ya wale watatu, nitaeleza nilichokiona zile wiki sita wodini. Pili, kuna zahanati binafsi namfahamu mganga mfawidhi wake. Sijui kama ana nafasi. Ukiniletea barua yako na nakala ya leseni kabla ya Ijumaa, nitampelekea mkononi Jumatatu nikitoka zamu. Jumatano jioni nitakuambia alichojibu, hata kama ni hapana. Usiniletee vyeti halisi, na hulipi chochote. Usisimamishe maombi yako mengine kwa ajili ya hili."

Angalia kilichomo. Nimesema namjulia wapi, yaani wodini kwa wiki sita, sikujifanya namjua tangu utoto. Nimetaja mlango mmoja, siyo "sehemu mbalimbali". Nimeweka siku tatu, yaani ya yeye kuleta, ya mimi kupeleka na ya mimi kumjibu. Na nimesema mapema kisichowezekana, ili asije akakijaza mwenyewe kichwani.

Hiyo siku ya kumjibu ndiyo tunayoisahau sana. Ukimwambia "nitakujulisha", hajui asubiri mpaka lini, na anaona aibu kukukumbusha kwa sababu wewe ni dada yake mkubwa. Ukimwambia "Jumatano jioni", ana haki ya kukuuliza Alhamisi. Unajifunga mwenyewe, na yeye anapata usingizi.

Kuhusu vyeti halisi, jamani, tusichukue kabisa. Kila mtu ana nia nzuri mpaka cheti kinaponyeshewa na mvua au kinapobaki kwenye gari. Akiitwa kwenye usaili lazima aende na vyeti halisi, pamoja na cha kuzaliwa, na kwa sisi wenye mabaraza anaenda na cheti cha usajili na leseni. Slipu ya matokeo ya kidato cha nne haipokelewi badala ya cheti. Ukibaki na cheti chake droo ikafungwa na wewe umesafiri, umemkosesha kazi kwa wema wako. Nakala zinatosha. Vilevile usimwombe neno la siri la akaunti yake ya maombi eti umsaidie kujaza. Kaa naye, ashike simu yeye, wewe soma tu.

Jumatatu nilipeleka. Mganga mfawidhi hakusoma barua, akaniuliza: "Huyu unamjua? Naweza kumwacha zamu ya usiku peke yake?"

Hapa ndipo kudhamini kunapokuwa kazi. Ukijibu "ni binti mzuri sana, ana adabu, anasali", hujamsaidia mtu. Yule mganga anafikiria mama atakayefika saa nane usiku na uchungu, na nyumbani kwake wamelala wanasubiri habari njema. Mama huyo anaweza kuwa wewe unayesoma hapa. Nikisema uongo kidogo ili binti apate kazi, atakayelipa siyo mimi.

Nilimjibu kwa nilichokiona. Nilisema, "Nimemuona akipokea watoto nikiwa pembeni yake. Patografu anajaza kwa wakati, hajazi zote mwisho wa zamu. Siku moja mama alianza kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, hakukimbia. Aliita msaada kwa sauti huku ameshaanza kukanda tumbo la uzazi. Ila sijawahi kumuona akiwa peke yake usiku, alikuwa mwanafunzi. Ningekuwa mimi, mwezi wa kwanza ningempanga na mwenzake."

Sentensi ya mwisho watu wanaiogopa, wanadhani inamharibia. Kwa uzoefu wangu ndiyo iliyofanya zile za juu ziaminike. Mwenye kuajiri anajua hakuna mhitimu anayejua kila kitu, na anayemsifia mtu bila kasoro anaonekana ni ndugu yake. Mimi nilisema nilichoona na nikaonyesha mpaka wa nilichoona.

Kuna kitu sikusema. Sikusema kwamba ana mtoto mchanga. Aliniuliza kama "hana majukumu", nikamwambia hilo muulize mwenyewe. Habari za nyumba ya mtu siyo sehemu ya udhamini, hata kama unaona unamtetea. Nilirudi nikamwambia binti kwamba ameulizwa, ili ajiandae kujibu kwa namna yake. Nilimkumbusha pia kwamba sheria yetu ya kazi inampa mama anayenyonyesha mpaka masaa mawili kwa siku ya kunyonyesha akiwa kazini. Hilo aliingia nalo kwenye mazungumzo mwenyewe.

Jibu lenyewe lilikuwa hivi: nafasi ya kudumu hakuna. Lakini muuguzi wao mmoja alikuwa anakaribia kwenda likizo ya uzazi, siku 84 kwa mujibu wa sheria, na walihitaji mtu wa kushikilia. Jumatano nilimwandikia binti hivyohivyo, "kudumu hakuna, kuna kushikilia kama miezi mitatu, baada ya hapo hawajaahidi kitu". Sikuongeza "ukifanya vizuri watakubakiza", kwa sababu hakuna aliyeniambia hivyo. Alikubali. Siku 84 ziliisha, muuguzi mwenye nafasi akarudi, binti akatoka. Leo bado anaomba serikalini, ila wasifu wake una kazi halisi ndani yake na mdhamini wa pili ni yule mganga mfawidhi. Hilo ndilo nililoweza kumpatia.

Ukikubali kuwa mdhamini, kuna mambo madogo yanayoangusha. Mwambie aandike cheo chako cha kweli, jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, na namba unayoipokea. Sisi wa Tunduma tuna balaa letu hapo. Ukisogea tu karibu na mpaka, simu inajishika kwenye mtandao wa Zambia, unaletewa meseji ya kukukaribisha Nakonde wakati upo kwako unapika. Mtu akikupigia muda huo huenda asikupate. Kama nyumba yako iko upande huo, nenda kwenye mipangilio ya simu uchague mtandao wako wewe mwenyewe, usiiache simu ijichagulie. Au mpe na namba ya pili. Mdhamini asiyepatikana hana faida.

Mwambie pia kila anapokuandika akutumie meseji: nafasi gani, ofisi gani, tarehe gani. Mtu akikupigia na kuuliza "unamfahamu fulani?" halafu wewe ukajibu "nani huyo?", hapo umeshamwangusha hata kabla ya swali la pili. Mimi nina daftari dogo. Naandika jina la kijana, nilimuona wapi, tarehe kuanzia na kuishia, na mambo mawili matatu niliyoyashuhudia. Miaka miwili ikipita kichwa hakikumbuki, daftari linakumbuka.

Je, kama humjui kikazi? Hapo usidhamini. Mwaka huu kijana wa jirani yangu, amesoma uhasibu, aliniomba nimwandikie barua. Namjua kwa salamu tu, anapita asubuhi "shikamoo dada". Nilimwambia ukweli: "Kazi yako sijawahi kuiona, kwa hiyo siwezi kuisemea. Ninachoweza ni kukuelekeza." Shemeji yangu anafanya kazi kwa wakala wa forodha hapa mpakani. Nilimuuliza shemeji kwanza kama yuko tayari kuongea na kijana, akakubali, ndipo nikatoa namba yake. Na kijana nikamwambia wazi kwamba shemeji hagawi kazi, atamweleza tu ofisi zipi huwa zinachukua vijana, wanaanza na kazi gani, na barua ipelekwe kwa nani.

Kuelekeza na kudhamini ni vitu viwili. Ukielekeza unatoa njia, ukidhamini unatoa jina lako. Kijana anapaswa kujua amepewa kipi, asije akafika kule akasema "nimetumwa na sista wa hospitali, amenidhamini" wakati hujui hata kama anafunga hesabu.

Na msaada mwingine hauhitaji umjue mtu kabisa. Akiitwa usaili, nauli, chakula na malazi vyote ni juu yake mwenyewe. Kutoka huku mpaka Dodoma siyo hapa na pale. Mwenye kijana anayenyonyesha anaweza kusema, "Siku ya usaili mtoto nitabaki naye mimi, kuanzia jioni ya safari mpaka utakaporudi." Au, "Nauli ya kwenda nitakupa, ya kurudi jitafutie." Hiyo nayo ni ahadi nzuri kuliko "tuko pamoja", maana anaweza kuiwekea hesabu.

Mwisho, kuhusu hela. Usichukue hata ya soda. Akikuletea kuku kwa furaha baada ya kupata, hayo ni ya kwenu, ila kabla ya hapo usipokee kitu. Na wewe mama, mtu akimwambia mwanao kwamba nafasi ipo ila kuna wa "kuonwa" kwanza, hata akitaja jina la mkubwa gani, usiuze kitu. Mzuie asitume, atunze namba na meseji, mpige TAKUKURU kwa 113, ni bure.

Sasa kama kuna kijana uliyemwambia "nitakuunganisha" mwezi uliopita, leo jioni mtumie meseji moja. Mwambie mlango gani, umefika wapi, na siku gani utampa jibu. Kama hujafika popote na huoni njia, mwambie hivyohivyo, ili kesho aamkie kwingine.

Sehemu ijayo narudi kwenye homa za usiku za watoto, kuna maswali mengi mmenitumia. Usiku mwema.